Grauti ya bafuni imekuwa nyeusi? Acha kwanza hiyo asidi

Mimi nafundisha mafundi wa tailizi, na malalamiko ninayoyapata sana ni haya: mistari ya katikati ya tailizi bafuni imekuwa nyeusi, mtu kamwaga asidi ya chooni ikang'aa siku hiyohiyo, baada ya miezi michache imerudi nyeusi kuliko mwanzo na sasa imeshuka chini ya tailizi.

Sababu ni kwamba grauti nyingi ni simenti, na asidi inakula simenti. Ule povu unaochemka si uchafu unaotoka, ni grauti yenyewe inayeyuka. Siki na limao vinafanya hivyohivyo ila polepole. Inabaki na vitundu vitundu, na uchafu unapata pa kujificha. Stiliwaya na brashi ya waya nazo zinaikwangua.

Sasa ule weusi mara nyingi ni utando wa sabuni na mafuta ya mwili, hasa kwa wenye maji ya kisima ya chumvi, alafu juu yake ukungu umeota. Kwa hiyo toa utando kwanza, ukungu baadaye.

Juzi tulifanya bafu moja dogo hivi. Tulilowesha sakafu kwa maji matupu ili grauti isinyonye dawa, tukachanganya vijiko 3 vya bekingi soda na kijiko 1 cha maji, ikawa nzito kama dawa ya meno. (Ni bekingi soda tupu, si ile bekingi pauda ya keki maana hiyo ina asidi ndani.) Tukapaka kwenye mistari, tukaacha dakika 15, tukasugua taratibu na mswaki wa zamani kisha tukasuuza. Maji yalitoka ya kijivu mazito na mistari ikawa ya kahawia, ila kona ya chini ya bomba bado ina madoa meusi, huo ndio ukungu. Hapo tukaweka jiki, kikombe 1 kwa vikombe 10 vya maji, dakika 10, dirisha wazi na glavu mkononi, tukasuuza mara mbili. Grauti ya rangi jaribu nyuma ya mlango kwanza, jiki inaweza kuipausha.

Tafadhali sana, jiki isikutane na asidi ya chooni, siki wala dawa yenye amonia, inatoa gesi inayochoma mapafu, na bafu zetu ni ndogo. Kama juzi ulimwaga asidi, suuza kwa maji mengi kwanza.

Ikikauka kesho yake pitisha kidole. Ukikuta unga unga kama mchanga au mstari umeshuka, hiyo grauti imeshaliwa, kusugua hakuirudishi, muite fundi aikwangue ajaze mpya. Kama iko ngumu ila bado haijatakata vizuri, rudia bekingi soda wiki ijayo, usiongeze nguvu ya mkono.