Lenzi mbili kwenye kichungulio cha darubini si hasara

"Kichungulio cha lenzi mbili kinakula mwanga na kuchafua picha. Tumia lenzi moja. Wajulishe wengine."

Ujumbe huu unazunguka sana kwenye makundi. Ni kweli kwamba kila uso wa kioo kisichopakwa dawa hurudisha takriban 4% ya mwanga, na katikati ya picha lenzi moja huonyesha vizuri. Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa, kwa kuwa hawatazami pembeni.

Chukua lenzi mbili za kioo cha aina moja, ya mbele yenye urefu wa fokasi wa milimita 30 na ya karibu na jicho yenye milimita 10, zikiachana milimita 20. Kwa pamoja zinafanya kazi kama lenzi ya milimita 15. Ya mbele hupinda mwanga wa bluu zaidi kuliko mwekundu, hivyo bluu huifikia ya pili karibu zaidi na kitovu, inakopindwa kidogo. Rangi zote hutoka sambamba, hivyo jicho halizioni zikiachana. Lenzi hiyo ya mbele pia huingiza ndani miale ya pembeni ambayo ingepotea, na uwanja wa kuona hufika nyuzi kama 40.

Hakikisha mwenyewe kwa Mwezi, kamwe si Jua. Sogeza ukingo wake pembeni mwa uwanja: kwa lenzi moja utaona utepe wa rangi, kwa mbili utepe hufifia sana. Ila kwenye darubini fupi yenye mdomo mpana, muundo huu rahisi nao hutia ukungu.

Tafadhali, ukiupokea ujumbe huo usiusambaze.