Mafuta ya chipsi kwenye injini ya dizeli: unaokoa ngapi, na injini inakufaje

Hapa karakana ya chuo hili swali tunalipata karibu kila wiki, hasa dizeli ikipanda. Mtu ana Land Cruiser ya zamani yenye injini ya 1HZ, kasikia inakula mafuta ya kupikia, anataka kujua kweli au porojo. Ni kweli inawaka. Tena kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 kuna injini ya dizeli ilizungushwa kwa mafuta ya karanga. Kuwaka sio shida, ishu ni itafika wapi.

Tuanze na hela. Mafuta mapya ya dukani sahau kabisa, lita moja ni ghali kuliko dizeli. Unaongelea yale machafu ya wakaanga chipsi. Tuchukue mfano, bei weka za kwako: gari inakula lita 200 kwa mwezi na dizeli ni 3,000, hiyo ni 600,000. Sasa huwezi kuacha dizeli kabisa, utawasha nayo na kuzimia nayo, tuseme lita 40, ni 120,000. Zile lita 160 zilizobaki zinahitaji kama 170 za mafuta ya kupikia maana nguvu yake kwa lita ni ndogo kidogo, na ili upate 170 safi unanunua kama 200 chafu, zingine ni maji na makapi. Kwa 1,500 hiyo ni 300,000. Ongeza filta 25,000 na oili ya injini unayoibadilisha mapema kuliko kawaida, 60,000. Jumla 505,000. Umeokoa 95,000 kwa mwezi, sio laki tatu kama ulivyopiga hesabu kichwani, na bado hujalipia tenki la pili, mipira na hita.

Tenki la pili la nini? Mafuta ya kupikia yakiwa baridi ni mazito kama mara kumi ya dizeli. Nozo haiwezi kuyarusha kama ukungu, inayatema matone, na tone haliungui lote. Ndo maana unawasha na dizeli, unasubiri maji ya rejeta yapate moto, yale maji yanapita kwenye hita na kuyapasha mafuta mpaka nyuzi 70 au 80, hapo ndo unageuza koki. Kabla ya kuzima unarudi kwenye dizeli dakika chache ili pampu na nozo zisilale na mafuta mazito. Kwa mtu wa Njombe mwezi wa saba hii sio hiari, asubuhi mafuta ya mawese yameganda kwenye mpira kama samli. Na kama safari zako ni sokoni na kurudi, dakika kumi kumi, acha tu, injini haijapata moto ushafika.

Sasa hapa ndo watu wanapoumia. Yale matone yasiyoungua mengine yanageuka masizi magumu kwenye ncha ya nozo na kwenye ringi za pistoni, mengine yanateremka kwenye kuta za silinda mpaka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na kuchanganyika na oili. Mafuta ya kupikia hayakauki kwa moto wa injini, yanabaki mule, yanapikwa siku hadi siku mpaka oili inakuwa nzito kama uji, na ya alizeti ni mabaya zaidi ya mawese kwa hili. Siku inaganda, oili haipandi juu, maberingi yanakwanguka. Fundi atasema oili ilikuwa feki kumbe wapi.

Kwahiyo vuta dipstiki kila asubuhi. Oili ikiongezeka wakati hujaongeza, au ikivutika kama gundi kati ya vidole, mwaga siku hiyohiyo na urudi dizeli. Moshi mweupe asubuhi na kuwaka kwa shida ni dalili kwamba nozo zimeanza kuziba, zipeleke zikapimwe.

1HZ inavumilia kwa sababu ina chemba ndogo ya kuanzia moto, vilevile 3L ya Hiace. Trekta za zamani zenye pampu ya CAV sizishauri, mafuta mazito yakiwa baridi yanaweza kuikamata pampu au kukata shafti yake. Injini za kisasa za komon reli usijaribu hata kidogo.

Na maji: pasha mafuta kidogo kwenye kikaango kikavu, ukisikia yanapasuka-pasuka bado yana maji. Yaache pipani wiki nzima, chota ya juu tu, yapitishe kwenye filta ya mikroni 5, ya chini uwapelekee wanaotengeneza sabuni.