Milio ya kompyuta inapowaka: RAM au kadi ya grafiksi?

Dhana: Mlio mmoja mrefu ukifuatiwa na miwili mifupi maana yake kadi ya grafiksi imekufa.

Hiyo ni kweli kwa BIOS ya Award, yaani programu ya kuwashia kompyuta iliyotengenezwa na kampuni hiyo. Kwenye ubao mama wa ASUS, mlio huohuo unasema RAM haikuonekana, na kadi ya grafiksi isipoonekana huwa ni mrefu mmoja na mifupi mitatu. Ukisoma jedwali la milio la Award ukiwa na ubao wa ASUS, utanunua kadi mpya na kompyuta itaendelea kulia vilevile. Kwa hiyo soma kwanza jina na modeli iliyochapwa kwenye ubao wenyewe, ndipo ufungue kitabu chake cha maelekezo. Sikiliza mzunguko mzima mara mbili tatu pia, maana ukianza kuhesabu katikati utakosea.

Dhana: Ikilia kwa ajili ya RAM, basi RAM imeungua.

Mlio unakuambia ubao umeshindwa kuisoma, haukuambii kwa nini. Mara nyingi ni vumbi, kutu nyepesi kwenye meno ya dhahabu, au RAM haikukaa sawasawa baada ya mashine kuhamishwa. Tuseme ASUS yako ina RAM mbili na inalia mrefu mmoja, mifupi miwili. Chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Toa RAM zote, sugua meno taratibu kwa ufutio wa penseli, pangusa mabaki kwa spiriti ya isopropili, uache yakauke. Rudisha moja tu kwenye sloti iliyoandikwa DIMM_A2, uisukume mpaka kibano kibane, kisha uwashe.

Ikilia tena, jaribu ile nyingine hapohapo. RAM inayogoma kwenye kila sloti ndiyo mbovu. Zikigoma zote kwenye sloti moja na kukubali nyingine, RAM hazina kosa: angalia sloti hiyo, na pini za soketi ya prosesa, ambazo zikipinda hukata mawasiliano na RAM.

Mlio ukigeuka kuwa mrefu mmoja na mifupi mitatu, usikate tamaa: RAM imeshapita, sasa ubao unatafuta grafiksi. Angalia kama waya wa pini 6 au 8 wa kadi umechomekwa. Kama hakuna kadi, hakikisha prosesa ina grafiksi zake; zile za Intel zenye herufi F mwishoni hazina.

Dhana: Isipolia, basi haina tatizo.

Huenda haina spika. Mbao nyingi za siku hizi huuzwa bila spika, na lazima uchomeke ndogo kwenye pini zilizoandikwa SPEAKER. Ukishaichomeka, toa RAM zote na uwashe. Ubao unaotumia milio ukikaa kimya hata hapo, acha RAM na kadi. Kagua pawa saplai, waya wa umeme wa prosesa, prosesa yenyewe na ubao.