Aliyelipa hajanunua sura ya marehemu

"Mimi ndiye ninalipa, weka tu baba hapa katikati." Maneno haya tunayasikia kwenye stidio zetu za picha hapa Goma, tukiombwa kumwongeza marehemu kwenye picha ya familia, kila msimu wa harusi na kila familia inapojiandaa kuondoa matanga. Nikiuliza mama amesemaje, baba mdogo amesemaje, mteja ananuna na kudhani nachelewesha kazi. Pesa yake inalipa muda wangu na karatasi. Sura ya baba ni ya wengi, naye ni mmoja wao tu.

Familia nyingi za hapa zimebaki na picha moja au mbili za wazee wao. Nyiragongo ilipolipuka Januari 17, 2002, lava ilikata mji na albamu ziliungua pamoja na nyumba. Kwa hiyo picha ya marehemu mara nyingi imetunzwa na ndugu aliye mbali. Ikifika kwangu kwa simu, naanza kwa kuuliza aliyeituma aliambiwa itafanyiwa nini.

Chukueni kazi moja. Bi harusi alileta picha ya familia iliyopigwa siku ya harusi yake, akataka marehemu baba yake asimame kati yake na mama. Sura alitaka niitoe kwenye picha iliyotoka Bukavu, ambako baba aliishi miaka yake ya mwisho na bibi wa pili. Mwili wa kubeba sura hiyo ungekuwa wa baba mdogo wake, kwa sababu umbo lao lilifanana.

Hapo kuna watu watatu wa kuulizwa, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akilipa. Mama yuko hai na yuko ndani ya picha. Nikimweka mume aliyeachana naye begani kwake, nimetangaza kwamba walirudiana. Yule mama wa Bukavu alikuwa ameshikwa mkono na marehemu kwenye picha ya asili, nami ningemkata. Na baba mdogo angeikuta shingo yake, suti yake na pete yake vikibeba sura ya ndugu aliyezikwa. Wapo wanaokubali jambo hilo kwa upendo, na wapo wanaoliona kama kuvalishwa kifo.

Bi harusi alinijibu kwamba watoto ndio warithi wa kwanza. Ni kweli, Sheria ya Familia ya 1987 inaweka watoto mbele ya mjane, wazazi na ndugu, lakini inazungumzia mali. Na hata tukiifuata, inahesabu pia watoto waliozaliwa nje ya ndoa ambao baba aliwatambua akiwa hai. Basi watoto wa Bukavu wako mstari mmoja na yeye.

Aliwapigia simu wote. Mama alikubali kwa sharti kwamba baba asimame upande wa binti, mbali naye. Bukavu walikubali, nao wakaomba wapewe nakala. Baba mdogo alikataa katakata. Ikabidi tutafute sura nyingine inayokubali mwili mwingine, maana ile ya Bukavu ilikuwa imegeuka na mwanga wake ulitoka kushoto, wakati picha ya harusi ina mwanga wa kulia. Kuigeuza kama kwenye kioo kungehamisha kovu la shavuni, na ndugu wangelijua mara moja.

Tukabaki na picha ndogo ya baba iliyo kwenye karte yake ya uchaguzi. Watu wanaidharau, lakini kwa kazi ya kundi inatosha. Kwenye A4 inayochapwa kwa pikseli 300 kwa inchi, sura ya sentimita 2 inahitaji pikseli 236 hivi. Sura ya sentimita 1.5 ikiskaniwa kwa 600 inatoa kama 354. Mteja akitaka sura hiyo hiyo ijaze bango la matanga, pikseli hazitoshi, na kope na midomo nitavichora kwa kukisia. Wakati huo familia inaidhinisha makisio yangu, na lazima niwaambie hivyo kabla hawajalia mbele yake.

Mwili tuliutengeneza kwa koti tupu nililopiga picha stidioni, tukamweka nyuma ya bega la binti ili sehemu kubwa ifichike. Chini ya picha tuliandika: "Baba ameongezwa kwa kumbukumbu." Bi harusi hakuyapenda maneno hayo. Niliyang'ang'ania kwa sababu ya mdogo wake wa mwisho, ambaye hamkumbuki baba na siku moja atahesabu waliohudhuria. Kama maneno yale yanamtosha mtoto, sijui.

Faili lenye tabaka zake zote nimelihifadhi, pamoja na picha ya asili isiyoguswa. Yeyote kati ya waliokubali akigeuza mawazo, naacha kuchapa nakala mpya. Zile ambazo zimeshasambaa kwenye simu za ndugu siwezi kuzirudisha, na hilo nalisema kabla ya kupokea malipo.