Je, wajua kwa nini kusema "biashara imekauka" hakupunguzi kodi?

*"Mkubwa, mimi nauza simenti na mabati hapa Katuba, Lubumbashi. Ofisi ya kodi wameniandikia pesa nyingi kupita biashara yenyewe. Nikawaandikia kwamba soko imekauka, na nina watoto wa kusomesha. Wakakataa. Nilete karatasi gani sasa, na nianze na ipi?"*

Barua hiyo ilikataliwa kwa sababu haikugusa hesabu hata moja. Anayepokea malalamiko ya kodi hana mamlaka ya kupima kama soko la Lubumbashi ni zuri au baya mwaka huu. Mezani kwake ana tarakimu moja iliyoandikwa na mkaguzi, na kazi yake ni kuona kama hiyo tarakimu inasimama au inaanguka. Ukimwambia kwamba hali ni ngumu, hata akikuamini kabisa, hana mahali pa kuiandika huruma yake.

Kosa hili ni la kawaida sana, na lina mantiki yake. Watu wengi wanaona kodi kama bei ya sokoni: muuzaji ametaja kubwa, mnunuzi analia kidogo, mwishowe wanakutana katikati. Sikatai kwamba kuna ofisi ambako mambo yamewahi kwenda hivyo. Lakini kwenye maandishi, sheria ya taratibu za kodi ya Kongo, ile namba 004/2003 ya tarehe 13 Machi 2003, haijui kukutana katikati. Inampa mlipakodi miezi sita, tangu siku alipopokea karatasi ya madai, aandike lalamiko lenye sababu. Na kama hukuleta tangazo la mauzo, ofisi ikakukadiria yenyewe, sheria inageuza mzigo: ni wewe utakayethibitisha kwamba wamezidisha, si wao kuthibitisha kwamba wako sawa. Kunyamaza kwako mwanzoni ndiko kunakowapa nguvu hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni: walifikaje kwenye tarakimu yao?

Siku hizi, kwa wafanyabiashara wa kadiri ya mitaa ya Lubumbashi kama Katuba, Kenya au Ruashi, jibu mara nyingi ni moja. Mkaguzi ameomba karatasi za benki na za pesa ya simu, akajumlisha kila kilichoingia, na jumla hiyo akaiita mauzo. Ni njia ya haraka, na haina ubaya kama mahali pa kuanzia. Ubaya wake ni kwamba pesa inayoingia kwenye akaunti na pesa uliyouza ni vitu viwili.

Fikiria mtu amesimama mlangoni mwa nyumba akihesabu mabido ya maji yanayoingia, ili ajue mnachota kiasi gani kisimani. Anaandika kila bido inayopita. Lakini mtoto akitoa bido jikoni, akapita nje nayo na kuiingiza tena kupitia mlango ule ule kuipeleka bafuni, anaandika mbili. Jirani akiomba kuweka bido zake kwenu mpaka jioni, anaziandika zenu. Mkikopa bido tatu kwa mama mkubwa, ambazo kesho mtazirudisha, nazo zimo. Mwishoni ana hesabu ya kweli kabisa ya mabido yaliyopita mlangoni. Haina uhusiano mkubwa na maji mliyochota. Kumwambia kwamba kisima kimekauka hakubadilishi kitu kwenye daftari lake. Itabidi muende naye mstari kwa mstari: hii ni ile ile ya asubuhi, hii ni ya jirani, hizi tatu ni za mkopo.

Tuifanye kwa tarakimu za mfano. Huyu muuzaji alitangaza kwa mwaka 2023 mauzo ya franka milioni 54. Chini ya mfumo wa biashara ndogo, ambao ulikuwa unakata asilimia 1 kwa anayeuza bidhaa, kodi yake ni franka 540,000. Mkaguzi akajumlisha maingizo yote ya akaunti, akapata milioni 96. Tofauti si asilimia moja ya hizo milioni za ziada tu. Kiwango cha kuingia kwenye TVA, kodi ya ongezeko la thamani, mwaka huo kilikuwa franka milioni 80 kwa mwaka. Ukipita hapo, hutazamwi tena kama biashara ndogo, na TVA ni asilimia 16. Mkaguzi akiichukua milioni 96 yote kama mauzo ya kutozwa, asilimia 16 yake ni franka 15,360,000, kabla ya adhabu. Mtu mmoja, duka moja, simenti ile ile: kodi inaruka kutoka laki tano na kitu mpaka milioni kumi na tano, kwa sababu ya upande gani wa mstari umeangukia. Ndiyo sababu pambano lote linapaswa kuelekezwa kwenye jumla ya mauzo. Adhabu na uzito wa maisha havitasogeza mstari huo.

Sasa tunarudi mlangoni na mabido. Karatasi ya kwanza ya lalamiko, baada ya barua yenyewe, inaanza na tarakimu ya mkaguzi, si ya muuzaji. Milioni 96 inaandikwa juu, kama alivyoiandika. Ukianza na milioni 54 yako, msomaji atalazimika kutafuta mwenyewe njia ya kutoka kwake mpaka kwako, na hatafanya kazi hiyo. Ukianza na yake, unamshika mkono kutoka pale aliposimama.

Mstari wa kwanza wa kutoa ni mkopo wa milioni 15 ulioingia mwezi wa tatu. Unatangulia kwa sababu ndio rahisi kuamini: kuna mkataba, kuna siku pesa ilipoingia, na kuna malipo ya kila mwezi yanayotoka akaunti ile ile. Hayo malipo ya kurudisha ndiyo yenye nguvu kuliko mkataba. Mkataba mtu anaweza kuuandika leo. Pesa iliyokuwa inatoka kila mwezi mwaka jana haiandikwi leo. Zinabaki milioni 81.

Unaofuata ni pesa ya simu iliyohamishiwa benki. Wateja walilipa kwa simu, na kila Jumamosi mwenye duka akahamisha. Mkaguzi aliihesabu ilipoingia kwenye simu, akaihesabu tena ilipoingia benki: milioni 17 kwa mwaka mzima. Hapa ushahidi unakuwa wa pande mbili, kutoka na kuingia, vikiwekwa ubavu kwa ubavu kwa tarehe. Kuna jambo dogo linalowaangusha wengi: tarakimu hazilingani sawasawa, kwa sababu mtandao umekata ada yake njiani. Usiziache hivyo. Andika ada kwenye safu yake, ili kutoka ukiondoa ada iwe sawa na kuingia. Karatasi za simu ziombwe kwenye wakala wa mtandao zikiwa na muhuri. Picha ya ujumbe wa simu ni dhaifu. Zinabaki milioni 64.

Mstari wa tatu ni mgumu. Majirani wawili wa soko walimpa milioni 7 ili awaunganishe kwenye kamyo moja kutoka Kasumbalesa, na karatasi za forodha zikatoka kwa jina lake peke yake. Kusema kweli, huu ndio mstari unaoweza kukataliwa. Barua za majirani zilizoandikwa baada ya madai ya kodi zina uzito mdogo. Kinachosaidia ni kilichokuwepo siku ile: pesa zao zimeingia Jumanne, zimetoka kwa muuzaji wa jumla Alhamisi, na fakitire ina idadi ya mabati inayogawanyika vile vile walivyochanga. Ndiyo sababu unawekwa wa tatu. Msomaji akiupinga, mikopo na uhamisho vimeshasimama, na kwa mfano wetu hivyo viwili peke yake vimekwisha kumrudisha chini ya milioni 80. Akiukubali, zinabaki 57.

Mstari wa nne huwa unasahauliwa, na kwa Lubumbashi ni wa ajabu kidogo. Duka linapokea franka na dolari. Mwanzoni mwa 2023 dolari moja ilikuwa karibu franka 2,000. Mwisho wa mwaka ilipita 2,600. Mkaguzi akibadilisha dolari zote za mwaka kwa kiwango cha Desemba, anaongeza mauzo ambayo hayakutokea. Dolari 4,000 zilizoingia Februari ni franka milioni 8 kwa kiwango cha wakati huo, ila kwa kiwango cha Desemba ni milioni 10 na laki nne. Tofauti ni milioni 2.4, na imezaliwa na kalenda tu. Benki Kuu ya Kongo hutangaza kiwango cha kila siku, kwa hiyo mstari huu unathibitishwa kwa karatasi mbili: ingizo la benki na kiwango cha siku hiyo. Zinabaki milioni 54.6.

Mauzo yaliyotangazwa ni milioni 54. Laki sita hazina maelezo. Ziandike wazi kwamba hazina, na kwamba unakubali zitozwe: kwa asilimia 1 ni franka 6,000, pamoja na adhabu yake. Hesabu inayofika sawasawa kabisa kwenye tarakimu ya mlipakodi huamsha shaka kwa mtu yeyote aliyezoea kusoma hesabu za duka.

Kuna shimo moja ambalo mpango huu wote hauzibi. Tumeeleza pesa iliyopita akaunti. Mteja aliyelipa taslimu, na pesa ile ikanunua simenti nyingine jioni hiyo hiyo, hakupita mlangoni kwa mkaguzi, naye mkaguzi anajua. Akiuliza, jibu pekee ni daftari ya kila siku, iliyoandikwa siku kwa siku, kwa wino tofauti na makosa yake yamekatwa. Daftari safi la mkono mmoja na kalamu moja kuanzia Januari mpaka Desemba lina hatari kuliko kukosa daftari.

Viambatisho vipewe namba kwa mfuatano wa mistari, si kwa tarehe wala kwa aina ya karatasi: 1a mkataba wa mkopo, 1b ingizo lake, 1c marejesho, kisha 2a, 2b. Juu ya vyote iwe nakala ya karatasi ya madai yenye siku uliyoipokea, maana miezi sita inahesabiwa kutoka hapo, na lalamiko lililochelewa halifunguliwi hata kama hesabu yake ni nzuri. Ombi la kusimamisha ulipaji wa kiasi kinachobishaniwa liandikwe ndani ya barua hiyo hiyo, usilingoje baadaye. Peleka nakala mbili, na usitoke ofisini kabla ya yako kupigwa muhuri wa mapokezi wenye tarehe.