Upepo wa mlimani si lazima ulete baridi

“Upepo ukishuka kutoka kwenye theluji, bonde lazima lipoe.”

Si kila mara. Hewa ikishuka hubanwa na kanieneo, na ikiwa kavu hupata joto la nyuzi 10 hivi kwa kila kilomita. Ikianza na nyuzi 0 kwenye mita 2,500, ikifika bonde la mita 500 itakuwa na nyuzi 20. Ndivyo mabonde ya Alpi yanavyopata joto ghafla wakati wa baridi.

Upepo unaopoza bonde nao hupata joto ukishuka, ila ulipozwa mno na barafu au ardhi ya usiku hata ukafika bado baridi.

Tazama vipimo: halijoto ikipanda huku unyevunyevu ukiporomoka, ni ule wa joto.