Asilimia 6.6 iliyokuwa 2.5: kupima mtikisiko wa vipande vyako kwa mwezi

Mteja wangu mmoja alinitumia jedwali la miezi 12 na swali fupi: "Kaka, mtikisiko wangu kwa mwezi ni asilimia 6.6. Niuze?" Ana vipande katika mifuko miwili ya uwekezaji wa pamoja, mmoja wa hisa na mwingine wa hatifungani. Alikuwa amesoma mahali kwamba mtikisiko huo, yaani hatari, hupimwa kwa mkengeuko sanifu: umbali wa kawaida ambao mabadiliko ya kila mwezi huwa nao kutoka kwenye wastani wake. Akachukua salio la kila mwisho wa mwezi, akatafuta limebadilika kwa asilimia ngapi, akaiachia kompyuta imalizie.

Hesabu yenyewe haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye kitu alichokipima. Salio la akaunti hubadilika kwa sababu mbili: bei ya vipande imepanda au kushuka, au mwenyewe ameweka au ametoa fedha. Hiyo ya pili si hatari ya mfuko hata kidogo, lakini kompyuta haiwezi kujua tofauti.

Tazama mwezi wake wa nne. Alianza na 1,227 (nimegawanya namba zake ili mwezi wa kwanza uanze na 1,000, sarafu haina uzito hapa). Vipande vikashuka kwa asilimia 3, vikabaki na thamani ya 1,190. Mwisho wa mwezi akaweka 60 kama kawaida yake, salio likawa 1,250. Kwenye jedwali lake mwezi huo ulionekana umepanda kwa karibu asilimia 2. Mwezi wa nane ukawa kinyume: vipande vilipanda kwa asilimia 0.8, lakini alitoa 300 kulipia jambo la dharura, na jedwali likaonyesha anguko la asilimia 15. Miezi minne ya hasara ya kweli ilifichwa na michango, na mwezi mmoja wa faida ukasomeka kama janga.

Dawa yake ni kuondoa fedha zilizoingia na kutoka kabla ya kugawanya. Kwa kuwa yeye huweka na kutoa mwisho wa mwezi, salio likiwa safu ya B, na michango ukitoa alichochukua ikiwa safu ya C, kila mwezi huandikwa hivi katika safu ya D:

```
=(B3-C3)/B2-1
```

Anayeweka fedha katikati ya mwezi hatapata jibu kamili kwa njia hii, maana mchango wenyewe utakuwa umeshaonja faida au hasara ya nusu mwezi. Huyo atumie bei ya kipande, ile thamani halisi ambayo meneja wa mfuko huitangaza. Achukue bei ya mwisho wa mwezi huu, agawanye kwa ya mwezi uliopita, atoe moja. Kisha azidishe jibu la kila mfuko kwa sehemu ambayo mfuko huo unashika katika jumla ya fedha zake mwanzoni mwa mwezi, na ajumlishe. Mfuko ukigawa gawio, bei ya kipande hushuka siku hiyo kwa kiasi cha gawio. Lirudishe gawio hilo kwenye bei, la sivyo utahesabu malipo yako mwenyewe kuwa hasara.

Tuliposafisha, miezi yake 12 ikawa hivi kwa asilimia: 2.6, −1.4, 3.2, −3.0, 1.4, 4.2, −2.0, 0.8, 3.6, −2.6, 2.0 na 0.8. Wastani ni 0.8. Toa 0.8 kwenye kila namba, zidisha kila tofauti kwa yenyewe, jumlisha, nawe utapata 68.88. Gawanya kwa 11, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu: 2.5. Tunagawanya kwa 11 badala ya 12 kwa sababu wastani wenyewe umetokana na namba hizohizo. Kompyuta hufanya yote kwa mstari mmoja:

```
=STDEV.S(D3:D14)
```

Kwa hiyo 6.6 yake ilikuwa 2.5. Angeuza kwa kuogopa pesa alizozitoa mwenyewe.

Lakini sikumruhusu apumue haraka hivyo. Miezi 12 ni michache. Kwa idadi hiyo, mkengeuko sanifu wenyewe unaweza kupotoka kwa takriban sehemu moja ya tano, juu au chini, kwa bahati tu. Wastani ni mbaya zaidi: ile 0.8 ina kosa la kawaida la karibu 0.7, kiasi kwamba wastani wa kweli unaweza kuwa karibu na sifuri. Ndiyo maana huwa nauamini mtikisiko kuliko faida katika jedwali fupi, na mtu anayekuonyesha faida ya mwaka mmoja kama ahadi humsikilizi kwa muda mrefu. Tulirudi nyuma miezi 36 kwa bei za vipande, tukitumia mgawanyo wa mifuko alio nao sasa, na mtikisiko ukawa 2.9. Hiyo ndiyo namba niliyofanya nayo kazi.

Kuipeleka kwenye mwaka, usizidishe kwa 12. Miezi mizuri na mibaya hufutana kwa sehemu, hivyo mtikisiko hukua kwa kipeuo cha pili cha muda: 2.9 mara kipeuo cha pili cha 12, ambacho ni karibu 3.46, inakuwa 10 kwa mwaka.

Kanuni hiyo inadhani kwamba mwezi mmoja haumfuati mwenzake. Kuna mifuko ambayo sivyo ilivyo. Mfuko wenye majengo, au wenye hatifungani zisizouzwa mara kwa mara, hukadiriwa bei badala ya kuuzwa sokoni, na makadirio hubadilika polepole. Anguko moja hugawanywa miezi minne au mitano, kila mwezi ukionekana mtulivu. Njia yangu ya kuinasa ni kupima tena kwa robo mwaka. Mtikisiko wa mwezi ukiwa 0.6, wa miezi mitatu ungetarajiwa kuwa karibu 1.0, yaani 0.6 mara 1.73. Nikikuta 1.6, najua ule utulivu wa kila mwezi ni wa karatasi, na ninatumia namba ya robo mwaka. Ya mteja wangu haikuwa na tatizo hilo. Hisa zake huuzwa kila siku, na huonekana zinavyoyumba.

Sasa lile swali lake: niuze? Hapo ndipo wengi hutafuta jedwali linalosema asilimia 10 ni "hatari ya kati", wakajipanga kwenye kundi hilo na kulala. Mimi silipendi jedwali hilo. Asilimia 10 haiwi kubwa wala ndogo mpaka ujue fedha inasubiriwa na nani na lini. Nikamuuliza, "Fedha hizi ni za nini?"

"700 ni ada ya chuo ya mwanangu, mwakani wakati kama huu. Zilizobaki ni za uzeeni, na hiyo bado miaka 20."

Salio lake lilikuwa 1,535. Yaani fedha alizozihesabu kama fungu moja zilikuwa na malengo mawili yasiyofanana hata kidogo, na mtikisiko mmoja ukiyapima yote.

Tuanze na ada. Kwa faida nilichukua dhana ya asilimia 0.4 kwa mwezi, nusu ya alichokiona, ambayo ni karibu 4.8 kwa mwaka. Mtikisiko wa mwaka ni 10. Kama miaka ingetawanyika kwa namna ya kawaida, ile ya mchoro wa kengele ambamo mingi hukaa karibu na wastani, karibu mwaka mmoja kati ya 6 ungeishia chini ya 4.8 kutoa 10, yaani hasara ya zaidi ya asilimia 5. Mwaka mmoja kati ya 20 ungeishia chini zaidi: 4.8 kutoa mara 1.65 ya 10, karibu asilimia 12 ya hasara. Kwenye 700, asilimia 12 ni 84. Atabaki na 616, na chuo hakipokei maelezo kuhusu soko.

Tena hiyo 12 naiona kama makadirio ya huruma. Mabadiliko ya bei za hisa huwa na miezi mibaya sana mingi kuliko mchoro wa kengele unavyoahidi, na mkengeuko sanifu hautofautishi mshtuko wa kupanda na wa kushuka. Kwa hiyo kando yake huwa naandika namba nyingine, ambayo haihitaji dhana yoyote: anguko kubwa zaidi kutoka kilele hadi bonde katika muda wote tulio na bei zake. Kwake lilikuwa asilimia 14, ambayo kwenye 700 ni 98, na lilichukua miezi 11 kurudi kilipokuwa kilele. Miezi 11 ni karibu muda wote alio nao kabla ya kulipa ada.

Nilimuuliza kama ana pa kuchukua 84 au 98 ikitokea. Akasema hapana, mshahara wote una kazi. Jibu hilo ndilo lililoamua, na hakuna mfumo wa hesabu ungelitoa. Kama angekuwa na akiba nyingine ya kuziba pengo, asilimia 10 hiyohiyo ingeweza kuvumilika.

Tulihamisha 700 kwenda mfuko wa soko la fedha, unaoshika amana na dhamana za muda mfupi. Hatukuhama kwa siku moja. Alitaka kugawanya mara tatu, nikakubali, ingawa sioni sababu ya kihesabu ya kusubiri pale lengo likiwa karibu hivyo. Zilibaki 835 kwa ajili ya uzee.

Baadaye alinipigia akiwa amefurahi: jedwali sasa linasema mtikisiko wake kwa mwezi ni 1.6. Ni kweli. 835 ni kama asilimia 54 ya 1,535, na asilimia 54 ya 2.9 ni karibu 1.6, maana mfuko wa soko la fedha hauyumbi sana. Ila nilimwomba aifute hiyo safu. Hailingani na fedha za ada, ambazo mtikisiko wake sasa uko karibu na sifuri, wala na fedha za uzee, ambazo bado zinatikisika kwa 2.9. Tukatengeneza kurasa mbili, kila lengo na safu zake za salio, michango na mabadiliko.

Kwenye ukurasa wa uzee hofu yangu ni tofauti. Ana miaka 20 na anaongeza 60 kila mwezi, hivyo mwezi wa hasara ya asilimia 3 humnunulia vipande vingi zaidi kwa fedha ileile. Pale nilichotaka kujua ni kama angeuza vikishuka. Nilimwonyesha lile anguko la asilimia 14 kwa fedha, siyo kwa asilimia: 835 kuwa 718. Alinyamaza kidogo, akasema, "Hiyo naweza." Nikamwonyesha mara mbili yake, 835 kuwa 601. Akasema hapo angenipigia simu usiku. Basi tulipunguza hisa kidogo kwenye ukurasa huo, tukaweka hatifungani, na nimemwambia tupime tena baada ya miezi 12 kwa bei za vipande.